Kulwa, Doto na pakiti ya sigara: uunge mkono hoja au uipinge?

Hoja ya mdahalo inasomeka hivi: "Serikali ipige marufuku kuuza tumbaku kwa mtu yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2009." Mmepewa siku tatu za kujiandaa na dakika saba za kuzungumza, na timu bado haijaamua ikae upande gani. Nimekaa meza ya majaji hoja ya aina hii ilipoletwa, na kosa la kwanza huwa lilelile. Msemaji wa kuunga mkono anamaliza dakika nne akieleza saratani ya mapafu. Kisha mpinzani anasimama, anamsalimu mwenyekiti na mtunza muda, na kusema, "Nakubaliana na yote aliyosema mwenzangu." Ukumbi unaangua kicheko, na dakika nne zimekwenda na maji.

Kwamba tumbaku inaua hakuna anayebisha. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na mpinzani mwenye akili hatagusa namba hiyo. Ubishi uko kwenye mstari wenyewe: kwa nini uchorwe kwa tarehe ya kuzaliwa badala ya umri, na itakuwaje mstari huo ukishazeeka? Ndiyo maana nalinganisha hotuba mbili hapa, ya kuunga na ya kupinga, kwa vigezo vinne: haki, kaunta ya dukani, mifano ya nchi nyingine, na fedha. Vigezo hivi havina uzito sawa. Haki na kaunta ndivyo vinavyoamua midahalo mingi niliyoisikiliza, kwa hiyo nitakaa hapo muda mrefu zaidi.

Kwanza, hoja inasema nini hasa

Sheria ya umri tunaijua. Ukifika miaka 18 Tanzania na Kenya, au 21 Uganda chini ya sheria ya 2015, unauziwa. Kila kijana anasubiri zamu yake, na zamu inafika.

Sheria ya tarehe ya kuzaliwa haina zamu. Wazo hili liliandikwa mwaka 2010 na watafiti wa Singapore, mmoja wao mwanahisabati, waliopendekeza waliozaliwa kuanzia 2000 wasiuziwe tumbaku kamwe. Uingereza ililichukua Oktoba 2023, Waziri Mkuu Rishi Sunak alipouambia mkutano wa chama chake kwamba mtoto wa miaka 14 wa siku ile hatauziwa sigara kihalali maisha yake yote. Mswada wake ulitaja 1 Januari 2009. Mtu wa kwanza kuguswa anatimiza miaka 18 tarehe 1 Januari 2027, na tangu siku hiyo umri wa chini wa mnunuzi unapanda mwaka mmoja kila mwaka. Januari 2037 mnunuzi mdogo kuliko wote ana miaka 28. Januari 2057 ana miaka 48.

Kuna mambo mawili ambayo wasemaji husahau. Mpango wa Uingereza unagusa kuuza na haugusi kuvuta: kijana akikutwa na sigara mdomoni hana kosa, mwenye kosa ni aliyemuuzia au aliyemnunulia. Tena hauchukui chochote kutoka kwa mtu ambaye leo ananunua kihalali. Mzee wa miaka 60 anayevuta ataendelea kununua hadi siku yake ya mwisho. Kama hoja mliyopewa imeandikwa kwa ulegevu, msemaji wa kwanza wa kuunga mkono aseme wazi kama ugoro, tumbaku ya kutafuna na shisha vimo. Asipofanya hivyo, mpinzani atamfanyia, tena kwa maana inayomfaa yeye.

Haki

*Anayeunga mkono* anaanza na umri wa kuanza kuvuta. Wavutaji walio wengi huanza kabla ya miaka 20, na nikotini hujenga mazoea haraka katika ubongo ambao bado unakua. Kwa hiyo uhuru wa kuchagua anaoutaja mpinzani una tatizo: anayechagua ni kijana wa miaka 16, anayelipa ni mtu wa miaka 45 ambaye ameshajaribu kuacha mara tano. Sentensi ambayo ningeiandika kwenye karatasi ni hii:

"Mheshimiwa mwenyekiti, mwenzangu anatetea uhuru wa kuchagua. Naomba aniambie ni lini mvutaji alichagua kwa mara ya mwisho."

*Anayepinga* asijaribu kusema sigara ni haki ya binadamu. Atachekwa. Silaha yake ni usawa wa watu wazima, na mfano wake uko tayari katika lugha yetu. Mama amejifungua pacha usiku wa kuamkia mwaka mpya. Kulwa ametoka saa 5:50 usiku, tarehe 31 Desemba 2008. Doto ametoka dakika kumi na tano baadaye, tarehe 1 Januari 2009. Wamelala tumbo moja, wamesoma dawati moja, wanapiga kura kituo kimoja. Mwaka 2050 wote wana miaka 41. Kulwa akiingia dukani anauziwa, Doto anafukuzwa. Kemi Badenoch, aliyekuwa waziri katika serikali ya Sunak mwenyewe, alipiga kura ya kupinga Aprili 2024 kwa msingi huohuo: watu wazima waliopishana siku moja tu wasiwe na haki tofauti daima.

Anayeunga mkono hujibu kwamba kila mstari una Kulwa na Doto wake. Tarehe ya kuandikishwa darasa la kwanza inawatenganisha, ya kustaafu pia. Jibu linasikika zuri, lakini lina tundu, na mpinzani makini atalipanua: mistari hiyo yote hungoja. Doto aliyekosa darasa la kwanza mwaka huu ataingia mwaka ujao. Katika hoja hii mwaka ujao haupo.

Hapo ndipo nimeona timu nyingi za kuunga mkono zikinyamaza, ilhali jibu lipo. Ni kugeuza swali la nani amebaguliwa. Doto anakosa nini? Anakosa kuuziwa kitu ambacho watumiaji wake wengi wanatamani wangekuwa hawajakianza. Kulwa anaruhusiwa kwa sababu huenda ameshanaswa, na sheria inamwonea huruma asiteseke ghafla. Mwenye kidonda ni yeye. Jaji anaweza kulikubali jibu hili au kulikataa, ila timu iliyolitamka imebaki mchezoni.

Sheria nazo zimesigana. Malaysia ilipeleka mswada wa kuwazuia waliozaliwa kuanzia 2007, na mwaka 2023 kifungu hicho kikaondolewa baada ya Mwanasheria Mkuu kuona kinapingana na ibara ya 8 ya katiba yao, ibara ya usawa. Huo ni ushahidi wa mpinzani. Mji wa Brookline, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, uliwazuia waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2000, wenye maduka wakaenda mahakamani, na Machi 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikaubariki utaratibu huo: kugawa watu kwa tarehe ya kuzaliwa kuna sababu ya msingi, yaani kupunguza matumizi ya tumbaku. Huo ni wa anayeunga mkono.

Ukizungumza mbele ya hadhira ya nyumbani, soma katiba yako kwanza. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inapotafsiri kubagua inataja utaifa, kabila, dini, jinsia na mengineyo, lakini umri haumo kwenye orodha. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya inataja umri waziwazi, na kuzaliwa pia. Kwa hiyo mpinzani wa Nairobi ana kamba ndefu kuliko wa Dodoma, ingawa ibara ya 24 ya Kenya inaruhusu haki kuwekewa mipaka yenye sababu za msingi, na mwenzake atamkumbusha.

Kaunta ya dukani

*Kuunga mkono.* Mwenye duka wa leo anapaswa kupiga hesabu: huyu kazaliwa Septemba 2007, leo tuko mwezi gani, amefika 18 au bado? Sheria ya tarehe inamwondolea hesabu hiyo. Anaangalia jambo moja tu: kitambulisho kinasomeka kabla ya 2009 au la. Kwa Tanzania kuna nyongeza tamu: namba ya NIDA huanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarakimu nne za mwanzo zikiwa 2009 au zaidi, biashara imeisha. Na kwa kuwa mstari unasonga polepole, mwaka wa kwanza duka halipotezi mteja hata mmoja wa jana yake. Linakosa tu wale ambao wangeingia kesho.

*Kupinga.* Hotuba ya kupinga ina nguvu sana hapa ikiletwa Manzese au Gikomba badala ya kuachwa London. Nani anaonyesha kitambulisho ili auziwe fegi moja? Sehemu kubwa ya sigara za mtaani kwetu huuzwa moja moja: kwa Mangi, kwenye kibanda, au na kijana anayepita akichezesha sarafu mkononi, sinia lake limebeba sigara, pipi na karanga. Kenya ilikataza kuuza sigara moja moja kwa sheria ya 2007, na bado ukisimama kwenye stendi ya matatu robo saa utaziona zikibadilisha mikono. Mpinzani aseme hivi:

"Sheria ya miaka 18 tunayo, na mtoto wa miaka 14 bado anatumwa sigara na baba yake, anarudi nayo. Mwenzangu anataka kujenga ghorofa ya pili juu ya nyumba ambayo ya chini haijaezekwa."

Kisha ailete miaka ya mbele. Mwaka 2027 muuzaji anamtilia shaka kijana, jambo ambalo ameshalizoea. Mwaka 2050 anamdai kitambulisho baba mwenye mvi na watoto watatu. Nani atafanya hivyo? Wasemaji wengi wa kuunga mkono hawajajiandaa kwa swali hilo kwa sababu wamezoea kufikiria mwaka wa kwanza tu.

Jibu lao linalosimama ni kwamba kufika 2050 mtu huyo hatakuwepo kwa wingi. Kama wachache wa kizazi cha 2009 walianza, wachache watakuja kununua wakiwa na miaka 41. Lakini jibu hili linategemea miaka ya mwanzo kwenda vizuri, na mpinzani ana ruhusa ya kulisema hilo kwa sauti. Kwa maoni yangu, katika mdahalo wa Afrika Mashariki kigezo hiki kinaegemea kupinga. Katika mdahalo unaohusu Uingereza peke yake, ambako sigara huuzwa kwa pakiti dukani na kudaiwa kitambulisho ni jambo la kawaida, kinaegemea kuunga mkono.

Mifano ya nchi nyingine, na mitego yake

*Kuunga mkono* hupenda kuanza na New Zealand. Desemba 2022 bunge lao lilipitisha sheria ya waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009. *Kupinga* pia hupenda New Zealand: Februari 2024 serikali mpya iliifuta. Wote wawili wanachezea moto. Sheria hiyo ilifutwa kabla kizuizi cha tarehe hakijaanza kufanya kazi, kwa hiyo haithibitishi kwamba kinafaa wala kwamba kimeshindwa. Isitoshe, ilikuwa na mambo matatu kwa pamoja: tarehe ya kuzaliwa, kupunguza maduka ya tumbaku kutoka takriban 6,000 hadi 600, na kuondoa karibu nikotini yote kwenye sigara. Msemaji akisema "New Zealand walikadiria kupungua sana kwa wavutaji," muulize ni lipi kati ya hayo matatu lilitarajiwa kuleta upungufu huo. Sehemu kubwa ya matumaini ilikuwa kwenye nikotini.

Mpinzani ana mtego wake, na huingia humo kwa kukimbia. Anataja Bhutan, iliyokataza uuzaji wa tumbaku mwaka 2004, ikasumbuliwa na magendo kutoka India, na ikalegeza mwaka 2021. Anataja Afrika Kusini, iliyofunga uuzaji wa sigara kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Agosti 2020 wakati wa korona, wavutaji wakaendelea kununua kwa bei ya kuruka. Mifano ni ya kweli, lakini ni ya marufuku ya jumla: watu wazima waliokwisha kunaswa walinyang'anywa sigara siku moja. Hoja yetu haifanyi hivyo. Kijana ambaye hajaanza hana arosto ya kumpeleka kwa mlanguzi saa nane usiku. Mpinzani mzuri hutumia mifano hii kwa kiasi: anaonyesha kwamba njia za magendo zikishafunguka hazibagui tarehe ya kuzaliwa, kisha anasonga mbele.

Maldives ndiyo mfano mpya. Tangu 1 Novemba 2025 aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 2007 haruhusiwi kuuziwa wala kutumia tumbaku, na watalii wamo. Anayeunga mkono anaweza kusema jambo hili limetoka kwenye karatasi. Mpinzani ataonyesha kwamba Maldives imevuka kutoka kuuza hadi kutumia, na kuuliza kama ndiko tunakoelekea. Brookline nayo inafaa pande zote mbili: kanuni yake ilidumu na miji jirani kadhaa ikaiga, lakini ni mji ulioshikana na Boston, na anayetaka sigara anavuka barabara.

Fedha

Hapa napita haraka, maana ndipo wasemaji hutunga namba. Anayepinga atasema kodi itapungua, na New Zealand inampa ushahidi: Waziri wa Fedha Nicola Willis alikiri kwamba mapato ya tumbaku yangesaidia kugharamia punguzo la kodi. Anayeunga mkono atajibu kwamba kodi hiyo inapungua polepole kwa miongo, huku gharama za kutibu wagonjwa zikipungua nayo.

Ukiwa Tabora au Songea utasikia "na mkulima je?" Mpinzani asijenge nyumba hapo. Tumbaku nyingi ya Tanzania huuzwa nje, na mkulima wa Urambo hategemei Doto anunue fegi Kariakoo. Hoja ya mkulima inapata nguvu pale tu nchi zinazonunua majani yetu nazo zikipitisha sheria kama hii, na hilo linahitaji dakika ambazo huna.

Ukae upande gani?

Kama timu yenu ina mtu mtulivu anayeweza kusikiliza swali gumu na kulijibu bila kupandisha sauti, upande wa kuunga mkono unawafaa. Utapigwa na Kulwa na Doto, utapigwa na kaunta, na ushindi wako utategemea majibu kuliko hotuba. Kama mna msemaji mwenye kipaji cha kuchora picha, anayeweza kumfanya jaji amwone baba mwenye mvi akidaiwa kitambulisho, kaeni kupinga.

Hoja ikitaja Uingereza au "nchi zilizoendelea", kuunga mkono kuna unafuu. Wabunge wa Uingereza walipiga kura 383 kwa 67 chini ya Sunak, na 415 kwa 47 mswada uliporudishwa na serikali ya chama cha Labour Novemba 2024. Vyama viwili hasimu vilikubaliana, na hilo jaji hulisikia. Hoja ikitaja Tanzania au Kenya, kupinga kuna unafuu, ila msiseme "haiwezekani kwetu" mkaishia hapo. Pendekezeni mbadala: kusimamia miaka 18 iliyopo, kupandisha hadi 21 kama Uganda, au kuanza na uuzaji wa moja moja. Mpinzani asiye na mbadala huonekana anaitetea sigara yenyewe.

Wanafunzi wa sheria watafurahia upande wowote ule, mradi wabaki kwenye Malaysia dhidi ya Massachusetts na kuyaacha mapafu. Wa kidato cha pili wanaosimama mbele ya ukumbi kwa mara ya kwanza ningewaweka kuunga mkono, kwa kuwa hoja ya umri wa kuanza inaeleweka hata ulimi ukikwama.

Na kama upande unaamuliwa kwa kurusha shilingi asubuhi ya mdahalo, andaeni karatasi moja tu yenye hadithi ya Kulwa na Doto. Upande wa mbele iandikwe inavyoishia dukani mwaka 2050. Upande wa nyuma iandikwe inavyoishia wodini mwaka huohuo, nani kalala kitandani na nani kamletea uji.